Disulfiramu: msihesabu siku dawa inapotoka mwilini

"Kaka yangu alimeza kidonge cha mwisho cha disulfiramu tarehe 3, na harusi ni tarehe 7. Mimi nimemaliza Flajili juzi. Tukinywa kidogo kuna shida? Na je, bia ina nafuu kuliko pombe kali?"

Mwambie kaka yako asiguse hata funda moja tarehe 7. Mimi nilihesabu siku kama mnavyohesabu ninyi, nikaishia kulazwa.

Nilikuwa nikimeza disulfiramu, dawa ya kumsaidia mtu kuacha pombe, miligramu 250 kila asubuhi. Siku nne baada ya kuacha, kwenye ubarikio huko Moshi, nilipewa kata ya mbege, wala sikufika nusu yake. Baada ya kama robo saa joto lilipanda kutoka kifuani hadi masikioni, macho yakawa mekundu, na moyo ukadunda hadi nikausikia shingoni. Nilitapika mfululizo, na nilipojaribu kusimama magoti yalilegea. Hospitalini shinikizo la damu lilisomeka 80 kwa 50. Hakukuwa na dawa ya kulizima jambo lile. Walinilaza, wakaniwekea dripu, tukasubiri lipite.

Aliyenipotosha ni muuza dawa aliyesema, bila hata kufungua karatasi iliyomo kwenye kasha, kwamba siku tatu zinatosha kwa kuwa dawa itakuwa imeshatoka. Hasira yangu kwake haijaisha, kwa maana kosa zima limo katika neno hilo "imeshatoka". Ini huvunja pombe kwa hatua mbili: kwanza huigeuza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, kisha kimeng'enya kingine huigeuza sumu hiyo kuwa asetati isiyodhuru. Disulfiramu hukiharibu kimeng'enya hicho cha pili kisifanye kazi tena. Kwa hiyo hata dawa ikiisha mwilini, kilichoharibika hakifufuki, na ini hulazimika kutengeneza kipya kidogo kidogo, kazi inayoweza kuchukua hadi wiki mbili. Anayekunywa kabla ya hapo hurundika asetaldehaidi katika damu: mishipa hutanuka, uso huwaka, shinikizo hushuka, na moyo hukimbia ili kufidia.

Basi ahesabu siku 14 kamili tangu kidonge cha mwisho, yaani hadi tarehe 17, na katika siku hizo aepuke pia dawa za maji za kikohozi na za kusukutulia zilizotiwa alkoholi, kwani kiasi kidogo tu chaweza kuamsha hali hiyo.

Wewe wa Flajili, maelekezo ya dawa hutaka usubiri siku mbili hadi tatu baada ya kidonge cha mwisho; shika tatu.

Kaka yako akiwa ameshakunywa, kisha akaumwa kifua, akahema kwa shida au akazirai, mpelekeni hospitali papo hapo, na neno la kwanza mtakalomwambia daktari liwe disulfiramu na tarehe aliyoimeza mara ya mwisho.