Tiba ya muziki: maswali yenu kuhusu tafiti

Watoto 12 wenye usonji walipata tiba ya muziki miezi mitano, na alama zao zikawa nzuri kuliko mwanzo. Huo si ushahidi?

Bado. Tazama jaribio la TIME-A, lililochapishwa na jarida la JAMA mwaka 2017. Watoto 364 kutoka nchi tisa waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipata tiba ya muziki juu ya huduma za kawaida na ushauri kwa wazazi, nusu huduma hizo na ushauri huo bila muziki. Kipimo kikuu kilikuwa ADOS, ambapo mpimaji humtazama mtoto na kuzipa alama dalili za usonji; hapa ulitumika upande wa mahusiano na watu. Alama zikishuka, dalili zimepungua. Baada ya miezi mitano, waliopata muziki walishuka kutoka 14.08 hadi 13.23. Ungeishia hapo, ungesema dawa imepatikana. Lakini kundi la pili nalo lilishuka, kutoka 13.49 hadi 12.58. Toa mwenyewe: 0.85 dhidi ya 0.91. Mtoto wa miaka mitano anakua, na anahudumiwa kwingine pia. Utafiti wako wa watoto 12 hauna kundi la pili la kutuonyesha hilo.

Mtoto anajua kabisa anapiga ngoma. Sasa upendeleo utazuiwaje?

Yeye huwezi kumficha, wala mtaalamu anayecheza naye. Anayefichwa ni mpimaji. Katika TIME-A waliopima ADOS hawakuambiwa mtoto yupo kundi gani. Mzazi anayejaza dodoso hali yake ni nyingine: amemleta mtoto wiki baada ya wiki na anatamani kuona mabadiliko. Kwa hiyo ukisoma makala, nenda kwenye sehemu ya mbinu uone nani alitoa alama. Ikiwa ni mtaalamu yuleyule aliyetoa tiba, mimi huwa siendelei kwa shauku.

Vipimo vitatu kati ya ishirini vilionyesha tofauti. Vitatu si vingi?

Watafiti hutumia p, yaani uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi ikiwa tiba haina athari. Kwa mpaka wa p chini ya 0.05, vipimo 20 hukupa kwa wastani kimoja "kizuri" kwa bahati tu, hata kama tiba haina athari yoyote. TIME-A nayo ilikuwa na vipimo vya ziada 20, na 17 havikuonyesha tofauti. Watafiti wenyewe waliviita vya uchunguzi tu. Tafuta kipimo kikuu kilichosajiliwa kabla ya jaribio kuanza. Kikibadilika ndani ya makala, shtuka.

Kusikiliza nyimbo kwenye simu nako ni tiba ya muziki?

Hapana. Tiba inahitaji mtaalamu aliyefunzwa na uhusiano wake na mgonjwa. Mapitio yanayochanganya hayo mawili yasome kwa tahadhari.

Basi TIME-A imethibitisha kwamba haifanyi kazi?

Imeonyesha kwamba haikupunguza dalili hizo kwa kipimo hicho, ndani ya miezi mitano. ADOS ilibuniwa kwa ajili ya utambuzi, na huenda isione badiliko dogo. Hoja hiyo ina uzito, ila nauliza: wanaoitoa wangelalamikia ADOS kama matokeo yangewapendeza?