Kamera inasema saa 8:31, mlinzi anasema saa 8:47

Swali: Shikamoo mkuu. Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye godauni moja Vingunguti, Dar es Salaam. Usiku wa kuamkia Jumatano watu walitaka kuvunja mlango wa nyuma. Nilisikia kishindo mara mbili, kwenye simu ilikuwa kama saa 8:47. Nikazunguka, nikakuta watu watatu, nikapiga filimbi, wakaruka ukuta. Kufuli moja wamelikata, la pili limepona. Nilimpigia mkuu wa zamu, simu inaonyesha 02:52. Kwenye OB, kile kitabu cha matukio ya lindo, niliandika: "Usiku wa manane wezi watatu walivamia godauni, nikawafukuza." Sasa meneja amekataa hiyo ripoti. Anasema kamera inawaonyesha mlangoni 02:31 na wanakimbia 02:36, kwa hiyo nilikuwa nimelala. Sikulala. Mmoja wao nilimfananisha na kibarua aliyewahi kushusha mizigo hapa, ila sina uhakika. Anataka nichane ukurasa niandike upya. Niandikeje?

Jibu: Marahaba. Ukurasa usichanwe, hata kama anayeagiza ni meneja. Kitabu cha OB chenye ukurasa uliochanwa kinaharibu sifa ya kurasa zote zilizobaki, na wakili yeyote atauliza kilichokuwa pale. Acha maandishi yako ya kwanza kama yalivyo. Nenda kwenye nafasi inayofuata, andika tarehe na saa ya leo unapoandika, kisha anza: "Nyongeza ya taarifa ya usiku wa kuamkia Jumatano." Ukikosea neno, pitisha mstari mmoja juu yake ili bado lisomeke, weka sahihi ndogo pembeni, endelea.

Sasa hizo saa, maana ndizo zilizokuponza. Angalia ulichonieleza mwenyewe. Kamera inaonyesha watu wanakimbia 02:36. Simu yako inaonyesha ulipiga 02:52. Kukimbia kwao kumeonekana na kamera, na kumeonekana na wewe pia. Kwa hiyo kuna mawili tu: ama ulikaa dakika 16 baada ya wao kuondoka ndipo ukapiga simu, ama saa ya kamera na saa ya simu haziendi pamoja. La pili ni la kawaida sana. Saa ya simu kwa kawaida hujirekebisha kwa mtandao. Saa ya DVR, yaani mashine inayorekodi picha za kamera, iliwekwa na fundi siku ya kufunga kamera, na mara nyingi hakuna aliyeitazama tena. Ndani ya mashine kuna betri ndogo ya kutunza saa, na ikichoka, kila umeme unapokatika saa inavurugika.

Usibishane na meneja kwa maneno, pima mbele yake. Simama mbele ya ile kamera ya nyuma, shika simu yako ikiwa inaonyesha saa, na mtu mwingine awe kwenye skrini ya DVR na simu yake. Pigeni picha moja inayoonyesha saa ya skrini na saa ya simu kwa pamoja. Tuseme skrini inasema 10:06 na simu inasema 10:20. DVR iko nyuma kwa dakika 14. Ongeza dakika hizo: walifika mlangoni 02:45, wakakimbia 02:50. Wewe ulisikia kishindo kama 02:47, ukapiga simu 02:52. Hapo hadithi yako na picha za kamera zinakuwa kitu kimoja, na kulala hakupo.

Kuna tahadhari tatu kwenye kipimo hicho. Ya kwanza, uliza kama umeme umekatika tangu usiku ule. Kama umekatika, tofauti ya leo huenda si ya usiku ule, na lazima uliandike hilo. Ya pili, mtu asirekebishe saa ya DVR kabla kipimo hakijaandikwa na picha za tukio hazijanakiliwa kwenye flashi. Nimeona mafundi wenye nia njema wakifika asubuhi na kunyoosha saa, na ushahidi wa tofauti ukafa hapo hapo. Na kunakili kusichelewe, kwa sababu diski ikijaa mashine inaandika juu ya picha za zamani. Ya tatu, kama kipimo kitaonyesha saa zote mbili ziko sawa, usitafute njia ya kuzilazimisha. Andika ulichokisikia na ulipokisikia, uache dakika hizo 16 ziulizwe.

Katika kuandika, taja kila saa pamoja na mahali ilikotoka. "Saa 8:52 usiku (02:52, kumbukumbu ya simu)" ina uzito kuliko "kama saa 8:47", na zote mbili zinaruhusiwa ili mradi msomaji aone ipi ni ipi. Sisi tunahesabu saa nane usiku, mashine inahesabu mbili, kwa hiyo weka zote. Tarehe nayo inateleza: uliingia lindoni Jumanne jioni, tukio limetokea Jumatano. Ukiandika tarehe ya Jumanne tu, ukiweka saa 8:47 usiku, polisi wataenda kutafuta picha za usiku mwingine.

Halafu kuna huyo kibarua. Hapa ndipo ripoti za walinzi huanguka mahakamani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, iliweka wazi kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na hautegemewi mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Mambo wanayoyatazama ni yale ambayo mlinzi anaweza kuyaandika usiku ule ule: ulimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama ulikuwa unamfahamu kabla. Kusema "taa ilikuwepo" hakutoshi. Taa ngapi, ziko wapi, ipi inawaka, ipi imeungua, na yeye alisimama upande gani wa mwanga.

Umbali usiukisie ukiwa kibandani. Rudi mchana, simama pale ulipokuwa, mwingine asimame mlangoni, vuta tepu. Kama huna tepu, hesabu hatua, uandike kuwa ni hatua.

Na usiache kumtaja kwa sababu huna uhakika. Mtu akitajwa mapema, mahakama inaona uzito. Akitajwa wiki mbili baadaye, inaonekana kama jina limepatikana mtaani. Lakini litaje kwa kipimo chake: "nilimfananisha" ibaki "nilimfananisha", isigeuke "nilimtambua" kwa kuwa meneja anapenda hivyo. Eleza ulimfananisha kwa nini: mwendo, umbo, kovu, sauti. Na badala ya "wezi", andika "watu". Kuwa wezi ni jambo la kuthibitishwa, kuwa watu uliliona.

Kwa maelezo uliyonipa, ningeandika hivi. Kila palipo na nukta tatu jaza wewe kwa ulichokiona au ulichopima, usijaze kwa kukisia, na sentensi yoyote ambayo haikutokea hivyo ifute:

> Nilipokea lindo Jumanne tarehe … saa … jioni. Mara ya mwisho kuuona mlango wa nyuma kabla ya tukio ilikuwa saa …. Makufuli yote mawili yalikuwa yamefungwa, niliyashika kwa mkono.
>
> Jumatano tarehe …, kama saa 8:47 usiku (02:47, saa ya simu yangu), nikiwa …, nilisikia kishindo mara mbili kutoka upande wa nyuma. Nilizunguka kupitia upande wa …. Nikiwa kwenye kona, mita … kutoka mlangoni, niliona watu watatu. Taa … zilikuwa zinawaka. Mmoja aligeuka upande wangu, nikamwona uso kwa sekunde kama …. Alivaa …. Nilimfananisha na kibarua aliyewahi kushusha mizigo hapa, kwa sababu …. Sina uhakika kuwa ni yeye. Wengine wawili sikuwaona uso.
>
> Nilipiga filimbi. Waliruka ukuta wa upande wa …. Saa 8:52 usiku (02:52, kumbukumbu ya simu) nilimpigia mkuu wa zamu.
>
> Kufuli moja limekatwa. La pili limefungwa bado. Mlango haukufunguka. Sikuingia ndani, sikuhesabu mzigo. Vitu nilivyogusa: ….

Mstari wa makufuli kushikwa kwa mkono unaonekana mdogo, lakini ndio unaofunga muda wa tukio. Kama ulizunguka saa 7:30 na makufuli yalikuwa mazima, basi yalikatwa kati ya saa hiyo na filimbi yako. Bila mstari huo, mtu anaweza kusema kufuli lilikatwa tangu mchana na wewe hukuliona. Ila kama usiku ule ulimulika tochi tu ukiwa mbali, andika "nilimulika tochi", ufute hilo la kushika.

Sentensi za "sikufanya" nazo zina kazi. Kama ulimfuata mtu nje ya ukuta, au hukumfuata, sema. Ukisema hukuingia ndani, na kesho ikaonekana katoni zimepungua, hesabu hiyo haikuhusu wewe.

Kufuli lenyewe, kama bado liko chini, lisiokotwe. Chuma kilichokatwa kwa mkasi wa nondo huwa kimebanwa pande mbili, cha msumeno kina mikwaruzo iliyonyooka, na fremu ya mlango iliyochokonolewa kwa mtaimbo hubaki na bonde. Askari wa upelelezi anaweza kulinganisha alama hizo na kifaa kitakachokamatwa, mradi halijazungushwa mkononi mwa kila mtu. Kama mvua inakuja, lifunike kwa ndoo, uandike saa uliyofunika. Piga picha kwanza ukiwa mbali ili mlango wote uonekane, kisha karibu ukiweka rula au sarafu pembeni kuonyesha ukubwa. Kampuni ya bima itataka picha hizo hizo, kwa kuwa bima ya uvunjaji kwa kawaida hudai alama za nguvu kutumika mlangoni. Kama limeshaokotwa, andika nani aliliokota, saa ngapi na limewekwa wapi. Usifiche hilo.

Kama bado hamjaripoti kituoni, nendeni leo mpate namba ya RB, na namba hiyo iingie kwenye OB chini ya nyongeza yako. Askari atakuandika maelezo. Yeye anaandika haraka, na mara nyingi atageuza "kama saa 8:47" kuwa "saa 8:47 kamili", au "nilimfananisha" kuwa "nilimtambua". Omba usomewe kabla ya kusaini, na pale palipogeuzwa mwombe arekebishe naye aweke sahihi yake. Nenda na nakala ya OB yako mkononi, pamoja na ile picha inayoonyesha saa ya DVR na saa ya simu.