RAM 16 (8+8) dhidi ya RAM 6: usisome GB peke yake

*"Wakuu, nina bajeti ya simu moja. Dukani kuna mpya yenye prosesa ya Unisoc T606, RAM 16 (8+8). Bei hiyohiyo napata Poco F2 Pro ya mtumba, RAM 6. Fundi ananiambia nichukue ya 6. Inakuwaje?"*

Mkuu, hiyo +8 itoe kwenye hesabu. Ni kipande cha storeji kinachotumika kama RAM, na kama storeji ni eMMC 5.1, mwisho wake ni MB 400 kwa sekunde. Ukitaka kuhakikisha, washa USB debugging, chomeka simu kwenye kompyuta yenye programu ya adb, uandike:

```
adb shell cat /proc/meminfo
```

MemTotal ndiyo RAM yenyewe, itasoma pungufu kidogo ya 8. Ya kuongezewa huhesabiwa kwenye SwapTotal.

Zinabaki 8 kwa 6. Simu zote mbili zinatumia RAM aina ya LPDDR4X, lakini hazilingani hata kidogo. T606 inaiendesha kwa 3200, yaani mipigo milioni 3200 kwa sekunde, kwenye njia ya biti 32. Kila mpigo unabeba baiti 4, kwa hiyo juu kabisa unapata GB 12.8 kwa sekunde. Poco ina Snapdragon 865: mipigo 4266, njia ya biti 64, baiti 8 kila mpigo. Hiyo ni GB 34 na ushee, karibu mara tatu.

Kwenye simu, GPU, yaani chipu ya michoro, haina memori yake. Inachota humohumo inamochota prosesa na kamera. Ndiyo maana napokea simu mpya kabisa, RAM imejaa nusu tu, lakini gemu inakwama kila mabomu yakianza kulipuka. Hapo kuongeza GB hakusaidii. (Na GPU ya T606 yenyewe ni dhaifu, tusiitupie RAM lawama zote.)

Dalili ya GB kuwa chache ni nyingine: unajibu meseji WhatsApp, ukirudi kwenye kivinjari ukurasa unaanza kupakia upya. Kwa hilo, 8 halisi itaishinda 6, aina iwe yoyote. Kama kazi zako ni kurukaruka kati ya programu nyingi nyepesi, chukua ile mpya, upate na waranti. Kama ni gemu na video, fundi wako yuko sahihi.

Ila kabla hujalipa, uliza kama ipo F2 Pro ya 8/256. Ile ya 6/128 ilitoka na LPDDR4X, ya 8/256 ikatoka na LPDDR5: prosesa ileile, lakini mipigo 5500, sawa na GB 44 kwa sekunde. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na RAM imechomelewa, huwezi kuja kuibadilisha kama ya kompyuta. Fungua Settings usome storeji mwenyewe. Ukiona 128 na muuzaji anadai ni LPDDR5, achana naye.