Video ya S-Log3 imepauka, nikiweka LUT sura zinakuwa za machungwa

Swali: Mkuu, mi hushuti harusi huku Kisumu na Sony, S-Log3 na S-Gamut3.Cine. Kwa Resolve picha ilikuwa imepauka, nikaambiwa niwashe Color Managed, nikaongeza na ile LUT ya kupeleka Rec.709. Sasa sura ni za machungwa, kitenge chekundu kimekuwa doa tu, na klipu za droni ndio zimeharibika kabisa. Halafu nikieksipoti, bibi harusi akifungua kwa MacBook anasema imepauka tena. Shida ni kamera?

Jibu: Kamera iache, iko sawa. Hapo uko na shida mbili na hazihusiani, tuanze na ya Resolve.

Faili ya video ni namba tu, na namba haina rangi mpaka programu iambiwe inasomwa kwa kipimo gani. S-Log3 inabana mwanga mwingi sana ndani ya faili, kwa hivyo nyeusi inawekwa kwa namba 95 kati ya 1023, kijivu cha asilimia 18 kwa 420, na karatasi nyeupe inafika 598 peke yake, hiyo nafasi yote ya juu imeachiwa taa na jua. Ukizisoma hizo namba kama Rec.709 ya kawaida nyeusi inaonekana kijivu na nyeupe inaonekana chafu. Rangi nazo ni hivyo hivyo. Wigo wa S-Gamut3.Cine ni mpana kuliko wa Rec.709, kwa hivyo nyekundu ya kitenge ambayo kwa Rec.709 ingekuwa karibu na ukingo, huku inakaa ndani ndani na namba ndogo, na monita inakuonyesha nyekundu iliyofifia. Hakuna kitu imepotea, imesomwa vibaya tu.

Sasa ulipowasha DaVinci YRGB Color Managed na klipu ikasomwa kama S-Gamut3.Cine/S-Log3, Resolve ilishafanya kazi ya kupeleka Rec.709 mwishoni. LUT yako inakaa katikati, kwa nodi, na iliundwa kupokea S-Log3, lakini pale inapewa namba za wigo wa kufanyia kazi ambazo hata si S-Log3 tena, inazigeuza Rec.709, halafu Resolve bila kujua inazigeuza tena mara ya pili. Kila mgeuzo unapanua rangi na kontrasti, ndio ngozi inakuwa machungwa, na nyekundu inagonga ukuta wa Rec.709 mpaka mikunjo yote ya kitenge inalingana. Kujua ni rahisi, zima ile nodi ya LUT, picha ikitulia basi ulikuwa unageuza mara mbili.

Droni ni kosa lilelile kwa upande mwingine. Kama ulirekodi kwa profaili ya kawaida, hiyo tayari ni Rec.709, na wewe umeiambia Resolve ni S-Log3 pamoja na zingine. Raiti kliki klipu zake, nenda Input Color Space, chagua Rec.709 Gamma 2.4, yaani kila kamera iambiwe yake.

Mimi hupendelea kuzima hiyo menejimenti na kufanya kwa nodi, kwa sababu naona kila kitu kinapotokea. Nodi ya kwanza weka Color Space Transform, kuingia Sony S-Gamut3.Cine na Sony S-Log3, kutoka DaVinci Wide Gamut na DaVinci Intermediate. Nodi ya mwisho weka ingine, kutoka hapo kwenda Rec.709 na Gamma 2.4. Kugredi kwako kote kukae katikati, LUT toa. Kwa ile ya mwisho washa Gamut Mapping, Saturation Compression, hasa kama DJ alikuwa na taa za LED za zambarau, hizo hutoka nje ya Rec.709 kabisa na bila kubanwa zinaacha viraka vya bluu kwa mashavu ya watu. Haiziponyi zote lakini, taa ikiwa kali sana bado utashusha rangi yake kwa mkono.

Sasa MacBook. Hapo faili haijaharibika. Angalia alama zake:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=color_primaries,color_transfer,color_space harusi.mp4
```

Zikisoma bt709 zote tatu, QuickTime ya Mac huifungua kwa gama ya karibu 1.96 na wewe uligredi kwa 2.4, kwa hivyo vivuli na rangi za kati zinapanda kidogo na picha inaonekana nyepesi. Usijaribu kuongeza kontrasti ndio MacBook ifurahi, maana ukipeleka hiyo kwa tivi ya sebuleni suti nyeusi ya bwana harusi itamezwa yote. Mwambie bibi harusi aifungue kwa simu na kwa tivi kwanza, na kama mteja anaangaliaga kwa Mac peke yake, hapo ndio umtengenezee kopi yake ya pembeni.