Kompyuta namba saba

Juzi nilikwenda steshenari kutoa kopi. Kijana mmoja, nadhani wa mwaka wa kwanza, aliprinti kazi yake, akalipa, akaondoka na begi lake. Nilipokaa kwenye kile kiti nikakuta WhatsApp Web yake iko wazi na barua pepe yake iko wazi, na mama yake anamuuliza kama amekula. Nilimfungia zote mbili. Kisha nikakaa nikacheka peke yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa bwege huyo mwaka 2007.

Wadogo zangu mnaoanza kuandika blogu kwenye mashine zisizo zenu, nisikilizeni.

1. Usiandikie kwenye dirisha la blogu. Andika kwenye daftari ukiwa darasani, au kwenye Notepad, ukifika unabandika. Nyakati zile nilikuwa natoka kipindi cha saa kumi, natembea hadi kafe ya intaneti ya Mwenge, nalipa shilingi 500 kwa nusu saa. Nusu saa hiyo si ya kutafuta sentensi ya kwanza. Halafu mwaka 2006 ulikuwa wa mgao wa umeme, mabwawa yamekauka, na mgao haukusubiri mtu amalize aya.

2. Picha zipunguze kabla ya kuzipandisha. Huu ni ushauri wa sentensi moja, lakini acheni niwaeleze ulivyonigharimu. Kabla nyaya za chini ya bahari hazijafika Dar mwaka 2009, kafe nyingi zilikuwa zinategemea satelaiti. Tuseme kafe ina laini ya kilobiti 128 kwa sekunde na mko kumi, kila mtu anabaki na kama 13. Picha ya megabaiti 2 ni kilobiti 16,000. Gawanya mwenyewe: inakaribia dakika 21. Nilipandisha picha moja ya foleni ya Ubungo, dakika tisa zilizobaki nikazitumia kuangalia kama imekaa sawa. Imekaa kichwa chini. Kesho yake nikaifungua kwenye Paint, nikaibana hadi kilobaiti 40, ikapanda kabla sijamaliza kupiga miayo.

3. Kaunta inadanganya. Nilikuwa na kaunta chini ya ukurasa, na miezi mitatu ya kwanza nilijiona mwandishi: wasomaji tisa kwa siku! Baadaye nikafungua orodha ya waliotembelea. Saba kati ya tisa walikuwa mimi, nikija kuangalia kaunta. Na nilipompeleka rafiki yangu wa chumbani na wenzake watatu wasome pale pale kafe, kwenye ile orodha wote wanne walionekana mtu mmoja, maana kompyuta zote za kafe zilikuwa zinatoka nje kwa anwani moja ya IP. Kwa hiyo kaunta ilinidanganya kwa kuzidisha na orodha ikanidanganya kwa kupunguza.

Kilicho na maana ni maneno ambayo watu waliyatafuta hadi wakakufikia. Mashairi yangu ya mapenzi hayakutafutwa na kiumbe yeyote. Makala iliyoniletea watu ni ile niliyoiandika kwa hasira, jinsi mgeni kutoka mkoani anavyoshuka kile kituo cha zamani cha mabasi cha Ubungo bila kunyang'anywa begi na wapiga debe: usikubali kubebewa, toka getini kwa miguu yako, vuka barabara, tafuta daladala yenye mstari wa rangi ya njia yako, muulize mama wa maji na si kijana mwenye filimbi. Wiki ya kwanza ilisomwa na watu wawili. Muhula ulipokaribia kufunguliwa wakaja kumi na moja kwa siku moja, wote kwa maneno yale yale, "kushuka ubungo". Tangu hapo nikajua niandike nini.

4. Toka kwenye akaunti kabla muda haujaisha. Hapa ndipo penye kidonda.

Kafe yetu ilikuwa na programu ya kuhesabu muda. Muda ukiisha, skrini inajifunga. Mimi nikadhani kila kitu nacho kimejifunga. Kumbe imefunikwa tu, kama sufuria. Mteja anayefuata akinunua muda, skrini inafunguka na madirisha yako yako pale pale ulivyoyaacha. Na mimi, kwa uvivu wa kuandika pasiwedi kila siku, nilikuwa natia tiki kwenye Remember me. Kwenye kompyuta ya kafe!

Ijumaa moja nilikuwa kompyuta namba saba, nachapisha, najibu maoni, skrini ikajifunga katikati ya neno. Sikuwa na shilingi 500 nyingine. Nikaondoka zangu. Jumatatu nafungua blogu yangu: makala 43 hazipo. Pamebaki moja tu, ambayo sikuiandika mimi: "Blogu imefungwa. Kalale."

Nilibaki nimeshika kipanya. Mhudumu akaniuliza, "Kaka, vipi, mtandao umekata?" Nikamwambia ndiyo.

Kilichonichoma zaidi ni hesabu. Enzi zile ulikuwa unafuta makala moja moja, kila moja inauliza kama una uhakika. Kwa kasi ile, mtu huyo alilipa pesa yake, pengine zaidi ya nusu saa, akakaa ananifuta mimi kwa uvumilivu ambao sijawahi kuutumia kujisomea mtihani. Pasiwedi hakuweza kuibadilisha, kwa sababu ile inadai kwanza uandike ya zamani. Hiyo ndiyo iliyoniokoa, wala si akili yangu.

Nikaanza kuokota. Nikaandika kwenye Google `site:` ikifuatiwa na anwani ya blogu, na pembeni ya kila jibu nikabonyeza Cached, pale Google ilipokuwa inaweka nakala ya ukurasa kama ilivyouona mara ya mwisho. Nilipata 17. Kila siku nilipochelewa kuna nakala iliyofutika, kwa sababu Google ikirudi na kukuta ukurasa haupo, nayo inausahau. Msiitegemee njia hiyo, kiungo hicho kiliondolewa mwaka 2024. Ninyi mna Back up content kwenye mipangilio ya Blogger. Ibonyezeni kila mwisho wa mwezi, faili likishashuka mjitumie wenyewe kwenye barua pepe yenu. Mimi nilikuwa na sehemu ya kutumiwa nakala ya kila makala kwa barua pepe, ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na nikaiacha tupu kwa sababu nilidhani ni ya watu wenye ofisi.

Zikabaki 26. Nikaandika tangazo fupi: nimefutiwa, aliyehifadhi chochote anisaidie. Nikiandika nilikuwa najiuliza namwambia nani.

Siku ya nne ikaja barua pepe kutoka Maskati, ya bibi mmoja ambaye hajawahi kuacha maoni hata mara moja. Alikuwa anasoma kupitia Google Reader, huduma ya enzi zile ya kukusanyia makala za blogu unazozifuata, na kule makala zikishaingia zinabaki hata kama mwenyewe umezifuta. Alizinakili zote moja moja kwenye ule ujumbe, na tahajia yangu akaisahihisha humo humo, "h" zote nilizozisahau akazirudisha.

Aliandika: "Mwanangu, hizi hapa 24. Mbili za pweza wa Forodhani sikukuletea. Mimi nimezaliwa Malindi ya Unguja pale, na ulichosema si kweli."