Njia ni sahihi, hesabu imeteleza: alama zigawanywe vipi?

*Swali: Mwalimu, ninasahihisha maswali ya aljebra yenye alama 4 kila moja. Kuna wanafunzi wanaofuata njia sahihi lakini wanakosea kujumlisha au kutoa katikati, na jibu la mwisho linakuwa si lenyewe. Niwape alama ngapi, na nitajuaje kwamba mwanafunzi ameteleza tu, wala si kwamba hajaelewa?*

Mwalimu mwenzangu, jibu la mwisho peke yake haliwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Tuchukue mlinganyo huu, ambao jibu lake ni x = 5:

```
3(2x - 5) - 2(x - 4) = 13
```

Mwanafunzi wa kwanza ameandika hivi:

```
6x - 15 - 2x + 8 = 13
4x - 23 = 13
4x = 36
x = 9
```

Wa pili ameandika hivi:

```
6x - 15 - 2x - 8 = 13
4x - 23 = 13
4x = 36
x = 9
```

Wote wawili wamepata 9, na mistari yao mitatu ya mwisho inafanana kabisa, lakini makosa yao si ya aina moja. Wa kwanza amefungua mabano yote mawili bila kasoro, kisha akakosea kujumlisha -15 na 8. Wa pili amejumlisha vizuri kile alichokiandika, ila hakuzidisha -2 kwa -4 ipasavyo, na hapo kosa limeingia katika kufungua mabano kwenyewe, jambo ambalo swali hili limetungwa kulipima.

Ndiyo maana mwongozo wa usahihishaji unapaswa kutenganisha alama za njia, ambazo kwa kawaida huandikwa M, na alama za usahihi, ambazo huandikwa A. Kwa swali hili ningetoa M1 kwa kufungua mabano hata kama kuna kosa moja, A1 kwa mstari wa kwanza uliokamilika, M1 kwa kukusanya namba zinazofanana na kuiacha x upande mmoja, na A1 kwa x = 5. Mwanafunzi wa kwanza anapata alama 3, kwa kuwa anakosa A ya mwisho tu. Wa pili anapata alama 2, kwa sababu A zote mbili zimempita. M ya pili anaistahili sawasawa na mwenzake, maana kutoka 4x - 23 = 13 amefanya kila kinachotakiwa, na si haki kumwadhibu mara ya pili kwa kosa ambalo tayari limemgharimu.

Kuhusu kutambua kuteleza, angalia mstari uliotangulia kosa. Ikiwa mstari huo ni sahihi na hatua iliyokusudiwa inaonekana wazi, bali namba moja tu ndiyo iliyotoka vibaya, basi hiyo ni hesabu. Kisha tazama maswali mengine katika karatasi hiyohiyo: mwanafunzi wa pili akikosea ishara kila palipo na alama ya kutoa mbele ya mabano, hilo ni pengo la uelewa. Hata hivyo, ugunduzi huo utumie katika maoni unayomwandikia na katika somo lijalo, lakini usibadilishe alama za swali hili, kwa kuwa alama hutolewa kwa kilichoandikwa.

Ikiwa sehemu (b) inataka thamani ya x² - 3x, mwanafunzi aliyepata 9 atafika 54 badala ya 10. Hapo msahihishaji analazimika kukokotoa upya kwa 9 ya mwanafunzi, na kama 54 imetokana nayo kwa usahihi, alama za (b) anapewa. Kazi hii inachosha, lakini ukiiruka, kosa moja litamnyima mwanafunzi swali zima.

Utaratibu huu una mpaka wake, na wasahihishaji wengi huukosea kwa huruma. Kosa likirahisisha swali, alama za njia iliyokwepwa hazitolewi. Tuseme mwanafunzi alipaswa kufikia 2x² - 5x - 3 = 0, lakini kwa kuteleza -3 ikatoweka na akabaki na 2x² - 5x = 0. Sasa anatoa x nje ya mabano na kumaliza, bila kuonyesha kwamba anaweza kuvunja katika vigawo mlinganyo wenye sehemu tatu. M iliyowekwa kwa ustadi huo haiwezi kutolewa, ijapokuwa alichokiandika baada ya kuteleza ni sahihi. Vilevile, jibu likitoka urefu wa -4, usimpe A ya kufuatia kosa, kwa kuwa hali ya swali yenyewe ilimtosha kujua kwamba arudi nyuma kukagua.

Aliyeandika x = 9 pekee, bila hatua hata moja, anapata 0. Huenda alifuata njia ileile ya mwanafunzi wa kwanza, lakini hakuna mstari unaoweza kuwekewa M. Kwa hiyo maelekezo ya mtihani yaseme mapema, kabla ya swali la kwanza, kwamba hatua zote zionyeshwe.