Tovuti ya Kanisa au Msikiti: Panga Kwanza Kazi ya Baada ya Ibada

Kamati za waumini ambazo nimezisaidia kupanga tovuti huanza karibu zote kwa kujadili rangi na picha ya ukurasa wa mbele. Mimi huwaomba waanze na swali jingine: ibada ikishamalizika, nani atakaa na rekodi ya mahubiri, na atahitaji muda gani hadi isikike kwenye tovuti? Kalenda hujazwa kwa dakika chache na ukurasa wa sadaka ukishawekwa haubadiliki mara kwa mara, lakini rekodi ni kazi ya kila wiki, na ndiyo inayoamua kama tovuti itaendelea kuwa hai.

Sauti ichukuliwe kutoka kwenye mashine ya kuchanganyia sauti, si kwa simu iliyowekwa kwenye kiti cha mbele, kwa sababu simu hunasa mwangwi wa jengo na kikohozi cha jirani. Faili ghafi ya WAV yenye ubora wa kawaida wa CD hufikia takribani megabaiti 10 kwa dakika, kwa hiyo mahubiri ya dakika 40 yanazidi megabaiti 400. Hakuna msikilizaji mwenye bando la kawaida atakayeipakua. Sauti ya mtu mmoja anayezungumza haihitaji stirio. Ukiigeuza kuwa MP3 ya njia moja kwa kilobiti 64 kwa sekunde, dakika zile zile 40 zinabaki na megabaiti 19 hivi, na maneno yanasikika vizuri. Muziki wa kwaya hupungua ladha katika kiwango hicho, nao ni vyema uandaliwe peke yake.

Tuseme ibada ilirekodiwa yote, na mahubiri yalianza dakika ya 31. Programu ya bure ya ffmpeg inakata, inasawazisha sauti na kupunguza ukubwa wa faili kwa amri moja:

```
ffmpeg -i ibada.wav -ss 00:31:00 -to 01:11:00 -af loudnorm=I=-19:TP=-2 -ac 1 -ar 44100 -b:a 64k 2024-05-12-mahubiri.mp3
```

Tarehe ikitangulia kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, faili zitajipanga zenyewe hata zikifika mamia. Kukata nako si suala la urefu tu. Katika matangazo na maombi hutajwa wagonjwa kwa majina, familia zenye matatizo na wakati mwingine namba za simu. Mambo hayo yalisemwa mbele ya jamaa, hayakukusudiwa kusikilizwa na ulimwengu mzima. Kwa hiyo mkataji asikilize mwanzo na mwisho wa faili kabla ya kuipakia, na mhubiri mwenyewe awe na haki ya kuomba rekodi iondolewe.

Kuna kosa ambalo halionekani kwa macho: ukurasa wenye rekodi nyingi unaweza kuanza kuvuta data za sauti kabla mtu hajabonyeza chochote. Dalili yake ni ukurasa kufunguka polepole kwenye simu ilhali hauna picha. Mwelekeze fundi aandike hivi:

```
<audio controls preload="none" src="/sauti/2024-05-12-mahubiri.mp3"></audio>
```

Kuhusu kalenda nina shauri moja. Ibada ya kila wiki iingizwe mara moja kama tukio linalojirudia, lakini Pasaka na sikukuu zinazofuata mwandamo wa mwezi zisiwekwe zijirudie kila mwaka, kwani tarehe ya Pasaka huhama kila mwaka na mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kalenda ya kawaida kwa siku 11 hivi, hivyo kalenda itatangaza tarehe isiyo sahihi. Tukio likiahirishwa, lisifutwe. Liandikwe "limeahirishwa", maana aliyeliona jana akilikosa leo hatajua afuate lipi.

Ukurasa wa sadaka uwe mfupi iwezekanavyo: namba au akaunti ya jumuiya, jina litakalotokea mtoaji anapothibitisha malipo, na maelezo ya namna ya kutaja kusudi la fedha, iwe ni zaka, ujenzi au yatima. Msikusanye namba za kadi kwenye tovuti yenu. Kama mnapokea kadi, mpelekeni mtoaji kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo. Hatari kubwa hapa ni mtu kuingia kwa siri na kubadilisha namba ya kupokelea, na kwa kuwa tovuti itaonekana vile vile, wizi huo unaweza kupita wiki kadhaa bila kugunduliwa. Namba hiyo ibadilishwe kwa idhini ya watu wawili, na mhazini aufungue ukurasa kila wiki kwa simu yake mwenyewe, ailinganishe na namba iliyobandikwa ofisini, kisha mara moja moja atume kiasi kidogo aone kama kinaingia kwenye hesabu za jumuiya.